Ficha Jibu, Kisha Ukalale

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Tupo Chumbageni, Tanga, na feni tumeizima kwa sababu inavuma kwenye maikrofoni, kwa hiyo mkisikia mtu anahema ni joto tu. Mwalimu Hamza, shikamoo.

MWALIMU HAMZA: Marahaba, Zuhura.

ZUHURA: Mwalimu, nina mpwa wangu yuko kidato cha kwanza. Msingi kasoma kwa Kiswahili, sasa baiolojia, jiografia, vyote Kiingereza. Kila usiku anakaa na daftari, anapitia orodha ya maneno mara kumi, ananiambia, "Mamdogo, nimeyashika yote." Asubuhi ukimuuliza, anaangalia dari.

MWALIMU HAMZA: Orodha yenyewe ikoje? Kiswahili huku, Kiingereza kule, ukurasa mmoja?

ZUHURA: Ndiyo, mistari miwili.

MWALIMU HAMZA: Basi hajawahi kulitafuta neno hata mara moja. Kila akitazama, jibu liko pale pale. Macho yanauzoea ukurasa, naye anadhani kichwa kimeshika. Hili limepimwa, tena kwa lugha yetu. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walitoa utafiti wa wanafunzi wa chuo kule Marekani waliopewa jozi 40 za maneno, Kiswahili na Kiingereza. Mashua ilikuwamo.

ZUHURA: Mashua! Hapa kila mtoto anaijua.

MWALIMU HAMZA: Kwao ilikuwa mlio mtupu, kama lilivyo neno la Kiingereza kwa mpwa wako. Wote walisoma, wakaulizwa, wakasoma tena, wakaulizwa tena. Tofauti ilianzia pale mtu alipolipata neno kwa mara ya kwanza. Wengine waliendelea kuulizwa neno hilo hilo. Wengine liliondolewa kwenye maswali, ingawa baadhi yao waliendelea kulisoma. Baada ya wiki wakapimwa. Walioendelea kuulizwa walikumbuka kama 32 kati ya 40. Walioachwa kuulizwa, 13 au 14 hivi.

ZUHURA: Hata wale walioendelea kusoma?

MWALIMU HAMZA: Hata wao. Kulisoma tena neno ulilokwisha kulipata hakukuwaongezea kitu cha maana. Na kabla ya mtihani waliulizwa wanadhani watakumbuka mangapi. Makundi yote yalikisia karibu nusu. Waliokuwa wanakwenda kufaulu na waliokuwa wanakwenda kuanguka walijiona sawasawa.

ZUHURA: Kwa hiyo lile "nimeyashika" la mpwa wangu si kipimo.

MWALIMU HAMZA: Si kipimo. Mimi siku hizi mwanafunzi akiniambia ameshika, namwambia funga daftari.

ZUHURA: Tumshike mkono basi. Wiki hii ana sehemu za mmea: mzizi, shina, jani, ua, chavua, mbegu, na mengine, jumla 12. Aanzeje?

MWALIMU HAMZA: Akate manila vipande 12. Mbele Kiswahili, nyuma Kiingereza. Azipitie zote kwa sauti mara moja, kisha azichanganye. Sasa anatazama upande wa Kiswahili tu, analitafuta neno la Kiingereza kichwani, analitamka na kuliandika kwenye karatasi. Ajipe sekunde kama kumi. Ndipo ageuze kadi.

ZUHURA: Kwa nini aandike?

MWALIMU HAMZA: Kwa sababu kuna ujanja tunaojifanyia wenyewe. Unageuza kadi, unaliona jibu, unasema "aa, nililijua." Hukulijua, umelitambua baada ya kuonyeshwa. Karatasi haikubali maneno hayo. Na ile chavua, neno lake la Kiingereza nawaona kila mwaka wanaruka herufi moja. Akiruka, asahihishe hapo hapo, alifiche, aliandike upya. Kosa lisiposahihishwa nalo linaweza kukaa.

ZUHURA: Aliyokosa anaweka pembeni?

MWALIMU HAMZA: Anayarudisha katikati ya kadi, yapite mengine manne matano kabla hayajarudi. Ukiliuliza papo hapo unajibiwa na masikio yaliyotoka kulisikia. Na aliyoyapata asiyatoe! Hapa ndipo watu wengi huharibu: neno limepatikana mara moja, kadi inaingia mfukoni. Ukumbuke wale 13.

ZUHURA: Kila raundi achanganye upya?

MWALIMU HAMZA: Kila raundi. La sivyo atakariri foleni, kwamba baada ya shina linakuja jani. Halafu ulizo lianze kwenye Kiswahili. Kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili ni rahisi zaidi, kunamtosha mtu anayesoma kitabu. Lakini kwenye mtihani anatakiwa aandike Kiingereza kutoka kichwani.

ZUHURA: Haya, na usingizi unaingia wapi? Mama zetu walisema lala mapema, sisi tukaona wanatufukuza sebuleni.

MWALIMU HAMZA: Sikiliza tena Kiswahili kinavyosafiri. Mwaka 2016, Lyon, Ufaransa, Stéphanie Mazza na wenzake waliwafundisha Wafaransa maneno 16 ya Kiswahili. Kundi moja lilijifunza asubuhi, likarudi jioni ile ile. Jingine lilijifunza jioni, likalala, likarudi asubuhi. Wote saa 12 katikati. Wote, waliporudi, waliendelea hadi wakapata 16 zote.

ZUHURA: Kwa hiyo walimaliza sawa.

MWALIMU HAMZA: Siku ile walimaliza sawa, ila waliolala walihitaji raundi kama nusu tu ya wenzao. Baada ya wiki waliolala walikuwa na kama 15 kati ya 16, wenzao 11. Miezi sita baadaye bado walikuwa mbele.

ZUHURA: Usingizi unafanya nini hasa?

MWALIMU HAMZA: Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba katika usingizi mzito ubongo unayarudia ya mchana. Kuna sehemu inaitwa hipokampasi, inapokea jambo jipya haraka, na usiku inasaidiana na gamba la ubongo kulijenga kwa muda mrefu. Lakini neno ambalo hukuliingiza jioni, usingizi haukuletei. Wapo wanaolala na spika za masikioni zinasoma kamusi. Wanapoteza chaji.

ZUHURA: Kwa hiyo ratiba ya huyu binti?

MWALIMU HAMZA: Kadi saa tatu usiku, dakika ishirini hivi, kisha kitandani, simu ibaki kwako. Asubuhi, kabla hajaigusa orodha, ajiulize zote 12. Tuseme amepata 8. Asivunjike moyo wala asizisome upya zote. Zile 4 arudie kwa kujiuliza mpaka zitoke. Kisha baada ya siku mbili, halafu wiki. Neno likikataa baada ya wiki, linarudi kwenye kadi za jioni.

ZUHURA: Ramadhani je? Tanga hapa watu wanakaa mpaka daku.

MWALIMU HAMZA: Usingizi mzito huwa mwingi mwanzoni mwa usiku wa mtu, saa chache za kwanza tangu alale. Kwa hiyo akitoka tarawehe, kadi, alale, aamshwe daku. Akikesha mpaka daku, anabaki na kipande kifupi kabla ya shule, na darasani utamkuta kichwa kiko mezani. Akipata kulala kidogo baada ya adhuhuri, nako kunasaidia, mradi awe amejiuliza kabla.

ZUHURA: Hilo la kulala mchana atalisikia vizuri sana. La kadi, sina hakika.

MWALIMU HAMZA: Mwambie manila nitamletea mimi.