Barua Mbili, Mwezi Mmoja: Kusitisha Makato ya Chama cha Wafanyakazi Baada ya Kuacha Kazi

Mhadhara uliotolewa mbele ya watumishi na wafanyakazi, jijini Dodoma

Ndugu wafanyakazi wenzangu, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu alasiri hii. Nimefanya kazi ya utumishi na mishahara kwa muda mrefu, na katika muda huo wote hakuna lalamiko lililofika mezani kwangu likiwa limechelewa kama hili: mtu ameondoka kazini, ameanza kazi nyingine, lakini chama cha wafanyakazi cha kule alikotoka kinaendelea kumkata ada. Anapokuja kulalamika, makato yameshafika miezi minane, kumi, au zaidi, na karatasi pekee aliyonayo ni hati ya mshahara.

Kwa aliye katika kampuni binafsi, jambo hili mara nyingi huisha lenyewe. Mwajiri hukata ada kutoka kwenye mshahara. Mshahara ukikoma, hakuna cha kukatwa. Mwajiri mpya naye hana ruhusa ya kukata ada ya uanachama mpaka mfanyakazi ajaze upya fomu ya kuidhinisha makato, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la TUF 6. Huyo nitamwacha hapo, isipokuwa nimshauri akague malipo yake ya mwisho.

Shida kubwa iko kwa mtumishi wa umma anayehama. Anaweza kuacha kituo, kada na hata taasisi, lakini cheki namba yake, ile inayomtambulisha kwenye mfumo wa mishahara ya serikali, haibadiliki, na mshahara wake unaendelea kutoka kwenye mfumo uleule. Makato yaliyoingizwa kwenye mfumo akiwa mwalimu hayajui kwamba yeye si mwalimu tena. Yanamfuata.

Nitawaeleza kisa kimoja ambacho nilikifuatilia mwenyewe, na mhusika ameniruhusu kukisimulia bila kumtaja. Alikuwa mwalimu wa sekondari katika moja ya wilaya za mkoa huu, mwanachama wa chama cha kada yake, akikatwa asilimia 2 ya mshahara. Tuseme mshahara wake ulikuwa shilingi 1,000,000, ili hesabu iwe nyepesi. Makato yalikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwezi Julai akabadilishiwa kada na kuhamia taasisi nyingine hapa jijini. Kabla ya kuondoka alimpigia simu katibu wa chama wa wilaya, wakaagana vizuri, na katibu akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mwalimu, tutalishughulikia." Basi akahesabu kwamba limekwisha.

Kule alikohamia kulikuwa na chama kingine kilichotambuliwa, nacho kikaanza kumkata shilingi 20,000 kama ada ya uwakala, yaani ile wanayokatwa wasio wanachama. Hakuona. Aliona mwezi Machi, alipokwenda benki kuomba mkopo, na ofisa mikopo alipokuwa akipiga hesabu ya theluthi moja ya mshahara ambayo lazima ibaki, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu mistari miwili ya vyama viwili tofauti, mmoja juu ya mwingine. Mkopo aliokuwa akiutaka ukapungua kwa sababu ya mstari ambao yeye aliamini umefutwa tangu Julai.

Sasa tuiangalie sheria, kwa maana jibu la mkasa huu limo ndani ya sentensi moja. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri akate ada pale ambapo mfanyakazi ameidhinisha kwa fomu iliyowekwa, na kinampa mfanyakazi haki ya kuifuta idhini hiyo kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, inayotolewa kwa mwajiri na kwa chama. Muda wa notisi ukiisha, mwajiri anapaswa kuacha kukata. Neno la kushikilia hapo ni "na". Sheria haikusema mwajiri au chama. Na imesema maandishi, kwa hiyo simu ya mwalimu yule, pamoja na uungwana wote wa katibu, haikufuta kitu.

Kwa nini wote wawili? Mwajiri ndiye mwenye mkono wa kukata. Chama hakina njia ya kuufikia mshahara wako isipokuwa kupitia kwake. Lakini chama ndicho chenye orodha ya wanachama, na kila mwezi mwajiri anapokipelekea fedha, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, anatakiwa kuambatanisha orodha ya majina ya waliokatwa pamoja na nakala za notisi za waliofuta idhini. Jina likitoweka kwenye orodha bila chama kuwa na barua, katibu atauliza, na ofisa mishahara aliyeulizwa ni mwepesi wa kurudisha makato kuliko kubishana. Nimeona jina likiondolewa mwezi mmoja na kurudishwa mwezi uliofuata kwa sababu hiyo tu.

Mwalimu wetu alilijua hilo nusu. Mwezi Machi aliandika barua kwa mwajiri peke yake. Barua ikakaa. Alipofuatilia aliambiwa kwamba ofisi inasubiri chama kithibitishe, na chama kikasema hakijapokea chochote kutoka kwake. Kila upande ulikuwa na la kusema, na makato yakaendelea Aprili na Mei. Alipokuja kwangu tuliandika barua upya, ikaenda kwa Katibu wa chama wa wilaya alikotoka na kwa mwajiri wake wa sasa, na nakala kwa Mkurugenzi wa halmashauri aliyoiacha. Nitawasomea kiini chake, kwa sababu wengi huandika kurasa mbili za malalamiko na kusahau sentensi inayotakiwa:

"YAH: NOTISI YA KUFUTA IDHINI YA MAKATO YA ADA NA KUJITOA UANACHAMA. Mimi mwenye cheki namba iliyotajwa hapo juu niliacha kazi ya ualimu na kuhamia taasisi hii tangu mwezi Julai. Kwa barua hii natoa notisi ya mwezi mmoja ya kufuta idhini niliyoitoa ya kukatwa ada ya chama kutoka kwenye mshahara wangu, na ninajitoa uanachama. Makato yakome muda wa notisi utakapoisha."

Mtaona kuna mambo mawili ndani yake. Kufuta idhini ya makato ni jambo moja, na hilo linaongozwa na sheria. Kujitoa uanachama ni jambo jingine, na hilo linaongozwa na katiba ya chama. Ukifuta idhini tu, makato yanakoma lakini chama kinaweza kuendelea kukuhesabu kama mwanachama anayedaiwa. Ukijitoa uanachama tu bila kutaja makato, ofisi ya mishahara inaweza kusema kwamba haikuambiwa iache kukata. Yaandikeni yote mawili, na ambatanisheni barua ya uhamisho na hati ya mshahara ya karibuni yenye mstari wa makato uliozungushiwa kalamu.

Barua za watumishi hupita kwa mkuu wa kituo, ndiyo ile k.k., yaani "kupitia kwa" fulani, na hapo ndipo nyingi hulala. Mimi namtaka mtu apeleke nakala mbili masjala kwa mkono wake, moja ibaki na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mpokeaji atie sahihi. Afanye hivyohivyo kwenye ofisi ya chama. Ofisi ya chama ikiwa mbali, tuseme umetoka Singida au Manyoni, itume kwa EMS ya Posta na utunze stakabadhi. Ule muhuri ndio unaoanzisha mwezi wako.

Na tarehe ni jambo la kupangwa. Mwalimu alipeleka barua zote mbili tarehe 4 Juni. Mshahara wa Juni ulikatwa, na hilo lilikuwa halali, kwa sababu notisi ilikuwa bado inatembea. Ilikwisha tarehe 4 Julai, hivyo mshahara wa Julai haukupaswa kuguswa. Angezipeleka tarehe 25 Juni, notisi ingeisha tarehe 25 Julai, pengine baada ya mshahara kulipwa, na angekatwa mwezi mmoja zaidi bila kuwa na hoja. Barua mbili zikipokelewa tarehe tofauti, hesabuni kutoka ile ya nyuma zaidi, maana hiyo ndiyo hesabu ambayo hakuna upande utakaoweza kuibishia.

Pamoja na hayo, Julai alikatwa, na Agosti pia. Mstari ulitoweka Septemba. Miezi hiyo miwili, yaani shilingi 40,000, aliidai kwa barua fupi kwa mwajiri yenye nakala kwa chama, akiambatanisha nakala zenye mihuri, na msingi wake ulikuwa kwamba kifungu cha 28 cha sheria ileile kinamzuia mwajiri kukata mshahara bila sheria, mkataba au idhini inayomruhusu. Alirudishiwa. Kama wangekataa, mtumishi wa umma anatakiwa kwanza amalize njia za ndani za utumishi. Mfanyakazi wa sekta binafsi anaweza kwenda kwa afisa kazi, au kujaza fomu ya CMA F.1 na kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako migogoro isiyo ya kuachishwa kazi ina ukomo wa siku 60. Mwezi wa kwanza wa makato yasiyo halali ukipita, msisubiri wa tatu.

Lakini miezi 12 ya mwanzo, kuanzia Julai aliyohama hadi Juni, shilingi 240,000, hakuipata. Chama kilisema idhini yake ilikuwa haijafutwa, na kwa karatasi walizokuwa nazo, nilishindwa kuwapinga. Mtu anaweza kujenga hoja kwamba idhini ile ilitolewa kwa mwajiri wa zamani na kwa kada ya zamani, na ningependa kuiona hoja hiyo ikipimwa. Kwa fedha kiasi kile, na kwa mtu mwenye simu tu kama ushahidi, sikumshauri aifuate. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu barua ya nusu ukurasa, ikiwasilishwa wiki aliyopokea uhamisho, ingeziokoa karibu zote.

Bado mtaniuliza kuhusu ule mstari wa pili, wa ada ya uwakala katika kituo kipya. Ule haukuondoka, na barua ya aina hii haiwezi kuuondoa. Kifungu cha 72 kinaruhusu chama chenye wanachama wengi, kinachotambuliwa mahali pa kazi, kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao wakatwe ada isiyozidi ile ya wanachama, bila kulazimishwa kujiunga, na fedha hizo ziwekwe kwenye akaunti yake tofauti. Ada hiyo haitokani na idhini yako, kwa hiyo huna idhini ya kufuta; inakoma pale unapoondoka mahali hapo pa kazi. Mwalimu wetu sasa anakatwa shilingi 20,000 badala ya 40,000, na siku akihama tena, ataanza na barua mbili na kusoma mistari yote ya makato kwenye hati ya kwanza ya mshahara.