Sufuri Tatu Zinazodanganya: Mhadhara Kuhusu Rezonansi ya N₂O

Habari za mchana, ndugu zangu. Leo sitazunguka kwenye molekuli kumi. Nimekuja na moja tu, yenye atomu tatu, na nadhani muda wetu wote utaishia humo. Ni N₂O, ile inayoitwa gesi ya kuchekesha. Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772, na hadi leo bado inawaangusha wanafunzi kwenye mtihani.

Tuanze kwa kuhesabu, maana asiyehesabu elektroni kabla ya kuchora anajichimbia shimo. Kila naitrojeni ina elektroni 5 katika gamba la nje, na oksijeni ina 6. Tano na tano ni kumi, ongeza sita: 16. Hizo ni pea 8. Pea nane hizo ndizo mtaji wetu. Mchoro wowote ukiwa na pea saba au tisa, ufute bila kuuliza.

Atomu zinapangwaje? Wengi huweka oksijeni katikati kwa sababu mchoro unapendeza: N, O, N, pande zote sawa. Jaribu. Weka bondi mbili kila upande, N=O=N, kisha uhesabu chaji rasmi. Njia ni hii: chukua elektroni za gamba la nje ambazo atomu ingekuwa nazo ikiwa peke yake, toa elektroni za pea zake pweke, yaani pea zisizoingia kwenye bondi yoyote, kisha toa moja kwa kila bondi. Oksijeni hapo haina pea pweke na ina bondi nne: 6 − 0 − 4, inabaki +2. Oksijeni, atomu yenye uroho wa elektroni kuliko zote katika molekuli hii, imeachwa na +2! Mpangilio huo hauaminiki, na vipimo vinakubali: molekuli imenyooka, naitrojeni mbili zimeshikana, oksijeni iko pembeni. N, N, O.

Sasa tuchore. Mchoro mmoja hautatosha, na hiyo ndiyo rezonansi: molekuli moja inaelezwa na michoro kadhaa kwa pamoja, kila mmoja ukiwa na mchango wake. Atomu ya kati ikiwa na bondi nne, na kila atomu ikizungukwa na elektroni nane, njia ziko tatu tu:

```
A:  N≡N⁺–O⁻
B:  N⁻=N⁺=O
C:  N²⁻–N⁺≡O⁺
```

Nichukue A taratibu. Naitrojeni ya mwisho ina pea pweke moja na bondi tatu: 5 − 2 − 3, sufuri. Ya kati haina pea pweke, ina bondi nne: 5 − 0 − 4, +1. Oksijeni ina pea pweke tatu na bondi moja: 6 − 6 − 1, −1. Jumla ni sufuri, kama inavyotakiwa, kwa kuwa molekuli haina chaji. Jumla isipolingana na chaji ya molekuli, kosa liko kwenye mchoro au kwenye hesabu. B na C mtazihesabu wenyewe. Angalieni tu kwamba naitrojeni ya kati inabaki na +1 katika michoro yote mitatu. Hakuna namna ya kuikwepa.

Au ipo? Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Kila mwaka kuna mwanafunzi, na mara nyingi ni mmoja wa wale hodari, anayeniletea mchoro huu:

```
N≡N=O
```

Ananiambia, "Mwalimu, umesema chaji rasmi ziwe ndogo iwezekanavyo. Angalia zangu." Nahesabu. Naitrojeni ya mwisho: 5 − 2 − 3, sufuri. Ya kati: 5 − 0 − 5, sufuri. Oksijeni yenye pea pweke mbili: 6 − 4 − 2, sufuri. Na pea ni nane barabara. Sufuri tatu! Kwa kanuni ya chaji peke yake, huu ungekuwa mshindi.

Hesabu yake haina kosa. Kosa liko kwenye atomu ya kati: bondi tano ni elektroni 10. Naitrojeni iko safu ya pili ya jedwali la elementi, na gamba lake la nje lina obiti nne tu, moja ya 2s na tatu za 2p. Kila obiti inabeba elektroni mbili. Vyumba vinne, wageni wanane, basi. Salfa au fosforasi mtu anaweza kubishana nami, lakini kwa kaboni, naitrojeni, oksijeni na florini sina la kuongeza. Kwa hiyo mpangilio wa kanuni ni muhimu: kwanza kanuni ya nane, chaji rasmi baadaye. Chaji rasmi huamua kati ya michoro iliyokwisha kupita mlango wa kwanza.

Mchoro huo mbaya huzaliwa vipi? Ukimtazama mwanafunzi akichora utaona. Anaanza na B, anataka kufika A. Anachora mshale uliopinda kutoka pea pweke ya naitrojeni ya mwisho kuingia katikati ya naitrojeni mbili, na bondi mbili zinakuwa tatu. Vizuri. Kisha anaweka kalamu chini. Amesahau mshale wa pili. Pea moja ikiingia kwenye atomu iliyojaa, pea nyingine lazima itoke: moja ya bondi za N=O inapaswa kuhamia kwenye oksijeni na kuwa pea pweke. Mishale miwili, inayochorwa pamoja. Na mshale uanzie kwenye elektroni, yaani kwenye pea au kwenye bondi, kamwe usianzie kwenye ishara ya chaji. Atomu zenyewe hazisogei hata kidogo. Zikisogea umepata molekuli nyingine, si mchoro mwingine wa ile ile.

Sasa tupange vyeo. C inaanguka mara moja. Ina −2 kwenye naitrojeni, ina chaji chanya mbili zilizokaa jirani zikisukumana, na moja kati ya hizo iko juu ya oksijeni. Haifutwi kisheria, ila mchango wake ni kiduchu. Mimi huwa siichori.

A na B zinalingana kwa ukubwa wa chaji: +1 moja na −1 moja. Kinachoamua ni mahali −1 ilipokaa. Katika A iko juu ya oksijeni, katika B juu ya naitrojeni. Oksijeni inavuta elektroni zaidi, kwa hiyo A inatangulia. Kwenye mtihani, jibu ni hilo. Ila kwenye kipimo cha Pauling cha uvutaji wa elektroni, naitrojeni iko karibu 3.0 na oksijeni karibu 3.4. Pengo hilo ni dogo. Mtu anayesema A ndiyo kuu na kuitupa B amesoma kanuni, hajasoma molekuli.

Tuiulize molekuli basi. Ina ncha za umeme kiasi gani? Tuseme A ingekuwa peke yake, na chaji kamili zimekaa juu ya naitrojeni ya kati na oksijeni. Umbali wao ni pikomita 119, na chaji moja ya elektroni kwa umbali wa pikomita 100 inatoa debai 4.8, debai ikiwa ndicho kizio cha ukubwa wa ncha hizo. Tungepata kama debai 5.7, ncha hasi ikiwa upande wa oksijeni. B peke yake ingetoa kama 5.4 kwa umbali wa pikomita 113, ncha hasi upande wa pili. Kipimo halisi ni debai 0.16. Maji, kwa kulinganisha, yana 1.85. Hesabu yangu ni ya juu juu, kwa kuwa chaji rasmi si chaji halisi, lakini ujumbe unasikika: A na B zinavutana kamba, na kamba karibu haisogei.

Hapo mwanafunzi wangu wa sufuri tatu huinua mkono tena. "Mwalimu, mchoro wangu hauna chaji, kwa hiyo nao unatabiri ncha ndogo. Na urefu wa bondi je?" Ana haki. Bondi ya N na N ni pikomita 113, karibu na 110 ya gesi ya naitrojeni yenye bondi tatu. Ya N na O ni 119, fupi kama bondi mbili, ilhali bondi moja ya N–O katika hidroksilamini ni kama 145. Bondi tatu, bondi mbili: mchoro wake unaonekana umeshinda! Nakiri kwamba urefu peke yake haumwangushi. Atomu ya kati yenye majirani wawili tu na upungufu wa elektroni huvuta bondi zake zote ziwe fupi, kwa hiyo usisome asilimia za A na B kwa rula.

Kinachomwangusha ni kipimo kingine. Ukiipiga gesi hii kwa eksirei na kupima nishati inayohitajika kung'oa elektroni ya ndani kabisa, ile ya 1s, unapata majibu mawili kwa naitrojeni mbili. Atomu yenye upungufu wa elektroni hushikilia za ndani kwa nguvu zaidi. Naitrojeni ya mwisho inadai kama elektronivolti 408.5, ya kati kama 412.5. Katika gesi ya naitrojeni, ambako hakuna chaji, ni kama 409.9. Ya kati iko juu yake, ya mwisho iko chini yake. Sufuri na sufuri zingefanana zaidi kuliko hivyo. Ya kati ni chanya, kama A na B zinavyosema kwa sauti moja, na ya mwisho ina hasi kidogo, ambayo A haiwezi kuieleza bila B.

Kwa hiyo andikeni A na B, katikati mshale mmoja wenye ncha pande zote mbili. Si mishale miwili ya nusu nusu. Hiyo ni ya mmenyuko unaokwenda na kurudi, na hapa hakuna kinachokwenda wala kurudi. Molekuli ni moja wakati wote.

Nimebakiwa na dakika chache. Toeni oksijeni, wekeni naitrojeni na elektroni moja ya ziada: azidi, N₃⁻. Elektroni ni 16 zile zile, na michoro ni mitatu ile ile. Lakini sasa mchoro wa aina ya A unakuwa N≡N⁺–N²⁻, wenye −2 juu ya atomu moja, na wa aina ya B unakuwa N⁻=N⁺=N⁻. Vyeo vimegeuka: wa katikati ndio mkuu, na bondi zote mbili zina urefu mmoja. Na yule akikuletea N≡N=N⁻ akijisifu kwamba ana chaji moja tu mchoro mzima, mwambie ahesabu elektroni za atomu ya kati.