Barua Mbili za Mdhamini: Mhadhara kwa Wafanyabiashara wa Ngamiani, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za jioni.

Nimekuja na barua mbili za mtu mmoja, fundi cherehani wa hapahapa Ngamiani. Alimdhamini shemeji yake, mvuvi wa Sahare, akope shilingi 6,000,000 anunue mashine ya boti. Marejesho yalikuwa ya miezi 12. Mwezi wa nane shemeji akaacha kulipa, simu hapokei, na afisa mikopo akaanza kushinda kibarazani kwa fundi.

Barua ya kwanza aliiandika usiku, ana uchungu: "Kuanzia leo najitoa kwenye udhamini." Ikakataliwa, na iliyomponza ni sheria yenyewe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaruhusu udhamini endelevu, yaani ule wa mikopo inayofuatana, ufutwe kwa taarifa, lakini kwa mikopo ya mbele tu. Fedha iliyokwisha kutoka huwezi kuikimbia. Hata kusema "mkamateni yeye kwanza" hakukumfaa, maana kifungu cha 80 kinambebesha mdhamini deni sawasawa na mkopaji, isipokuwa mkataba wenu umesema vingine.

Aliponijia nilimuuliza: tangu utie saini, mkopeshaji amebadilisha nini? Hakujua. Tukaomba kwa maandishi taarifa ya mkopo na nakala za mikataba yote. Humo tukakuta kwamba mwezi wa tano mkopeshaji na shemeji walisaini nyongeza: miezi 12 ikawa 24. Saini ya fundi haimo.

Hapo ndipo mlango ulipo. Mkopeshaji akikubaliana na mkopaji kumwongezea muda bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anafunguka. Lakini sikilizeni vizuri: makubaliano ni kitu kimoja, kunyamaza ni kingine. Mkopeshaji akichelewa tu kudai au kushtaki, wewe bado umefungwa. Wengi wanajikwaa hapo, wanaandika "mmemwachia muda mrefu" wakidhani wametoka.

Barua ya pili ikasema hivi: "Nilidhamini mkopo wa miezi 12. Mmeongeza muda hadi miezi 24 kwa nyongeza ambayo sikuisaini wala sikuiridhia, nakala nimeambatanisha. Naomba mthibitishe kwa maandishi kwamba udhamini wangu umekoma, na mnirejeshee hati ya kiwanja changu." Basi. Hakuomba apunguziwe, hakuahidi kulipa kidogokidogo, kwa sababu ahadi ya namna hiyo ingeweza kusomwa kama kukubali deni. Aliipeleka mwenyewe, nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Kuna fomu zinazoifunga njia hii tangu mwanzo. Zimeandikwa kwamba mdhamini anaridhia mkopeshaji aongeze muda au abadili masharti bila kumtaarifu. Ukishasaini maneno hayo, ridhaa umekwisha kuitoa. Kwenye fomu ya fundi hayakuwamo, ndiyo maana barua ilikuwa na miguu ya kusimamia.

Waliokuja na fomu zao wazifungue sasa, tuyatafute maneno hayo pamoja.