Kidole Gumba Juu ya Grafu

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Jumatano usiku binti wa dada yangu, yule wa kidato cha nne, kanitumia picha ya swali la fizikia. Iodini-131, dutu ya mionzi inayopungua kadiri siku zinavyopita, gramu 80 mwanzoni, kwa kutumia grafu tafuta zilizobaki baada ya siku 32. Majibu ni A 0, B 5, C 10, D 20.

BARAKA: Na kidole gumba.

ZUHURA: Na kidole gumba! Kimelala juu ya namba za siku. Unaiona 0, unaiona 8, halafu ukucha, halafu 32 huko pembeni.

BARAKA: Si ndiye aliyetutumia mzunguko wa umeme kidole kikiwa juu ya betri?

ZUHURA: Ndiye huyo huyo. Nikampigia, akasema, "Mama mdogo, nimechagua D." Kagawa 80 kwa 4.

BARAKA: Wengi huangukia hapo. Wengine huchagua sifuri: nusu imeondoka kwa siku 8, basi nusu nyingine itaondoka kwa siku 8 zinazofuata. Lakini kinachoondoka ni nusu ya kilichobaki, si nusu ya ile ya mwanzo.

ZUHURA: Nikamwambia aweke rula kwenye 40 wima, aende mlalo mpaka aguse mstari uliopinda, ashuke chini. Kaangukia 8. Hiyo ndiyo nusu uhai, muda wa kupungua nusu. Sasa ahakiki: aanze na 60, atafute 30.

BARAKA: Kwa nini 60, wakati 20 ipo?

ZUHURA: Kwa sababu 20 inaangukia siku ya 16, na siku ya 16 iko chini ya kidole.

BARAKA: Ha! Kidole kimeingia kwenye mtaala.

ZUHURA: Mstari unapita kwenye 60 kati ya siku ya 3 na ya 4, unapita kwenye 30 kati ya siku ya 11 na ya 12. Tofauti ni siku 8 tena. Popote utakapoanzia, kupungua nusu kunachukua muda ule ule. Ukipata 8 huku na 10 kule, shuku picha: simu imeshikwa kiupande au karatasi imejikunja.

BARAKA: Sawa kabisa. Halafu?

ZUHURA: Siku 32 ni vipindi vinne: 80, 40, 20, 10, 5. Kinachohesabiwa ni miruko, si namba. Ukiihesabu 80 kuwa kipindi cha kwanza, utaishia kwenye 10, ndiyo maana wameiweka C. Jibu ni B.

BARAKA: Hapo mimi nasimama. Swali linasema kwa kutumia grafu. Angepiga picha nyingine, kidole pembeni, akasoma pale kwenye 32. Wewe umemfundisha kukokotoa.

ZUHURA: Kaka Baraka, mkiani ndiko pabaya kuliko pote kusoma! Ukikosea gramu 1 kwenye 40, umekosea sehemu ndogo sana. Ukikosea gramu 1 kwenye 5, umekosea asilimia 20. Unene wa mstari wenyewe unatosha kukupoteza. Soma juu, mstari ulikoinama vizuri, kisha gawa.

BARAKA: Na mkia ndio unaosema ukweli. Chukua mhimili wa wima uwe ni mapigo ya kipima mionzi kwa dakika. Kinaanza 100, lakini 20 kati ya hizo ni mionzi ya mazingira: udongo, kuta, anga. Hizo hazipungui. Ukigawa 100 nusu mara nne unapata 6 na kidogo, ilhali baada ya siku 32 kipima kitasoma karibu 25, yaani 5 jumlisha 20. Nani amekuonyesha? Mkia, umelala bila kushuka.

ZUHURA: Na ningeng'amua mapema, maana 100 mpaka 50 ingechukua karibu siku 11, na 50 mpaka 25 ingechukua siku 21. Uhakiki wangu ungelia. Halafu grafu ya mtoto ni ya gramu.

BARAKA: Ya leo. Ya mtihani huijui. Asome mkia kwanza.

ZUHURA: Agawe kwanza, mkia auangalie baadaye.

BARAKA: Asome.

ZUHURA: Basi, kaka, tumegota. Na dakika zimebaki tatu, wakati tuliahidi umri wa fuvu la Zinjanthropus wa Olduvai.

BARAKA: Na kwa nini kaboni-14 haifai pale. Nusu uhai wake ni miaka 5,730 hivi, fuvu lina miaka milioni 1.75. Walitumia potasiamu kwenye majivu ya volkano.

ZUHURA: Hiyo haiingii dakika tatu. Iende wiki ijayo.

BARAKA: Iende. Wasikilizaji, tutumieni grafu zenu. Vidole pembeni.

ZUHURA: Na mtuambie mngeanzia wapi.

BARAKA: Mkiani.

ZUHURA: Juu!