Taulo la kununua masika hii: pima kabla ya kulipa

Karibuni tena. Leo tuna mataulo mawili, yote ya sentimita 70 kwa 140, na mizani ya jikoni. Mimi nauza mataulo hapa Dar, na wateja wengi huja wakiulizia zito kama la hotelini. Masika hii, zito silo la kununua.

Hili jembamba tuliweke juu. Subirini, namba zinarukaruka. Ni feni hiyo, naizima. Haya, gramu 412. Sasa 0.70 mara 1.40 ni 0.98, ndiyo mita za mraba. Gawanya 412 kwa 0.98, unapata takriban 420. Ndiyo GSM mnayoiona kwenye lebo, gramu kwa kila mita ya mraba. Hili nene ni gramu 637, kwa hiyo 650. Linafyonza maji mengi, kweli, lakini maji hayo yote lazima yatoke, na hewa yetu ya mwezi wa nne tayari imejaa unyevu. Likikaa mbichi hadi kesho, linanuka. Kwa Pwani mimi nachagua 350 hadi 450.

Sogeza kamera karibu. Mnaviona vitanzi hivi vya uzi? Ndivyo vinavyofyonza. Geuza upande wa pili: huku vimekatwa, ndiyo maana panang'aa na ni laini kama mahameli. Panapendeza, lakini panafyonza maji taratibu. Tafuta vitanzi pande zote mbili, vifupi kiasi, maana virefu vinanasa kwenye misumari na hereni.

Sasa jaribio la tone la maji. Usilifanye kwenye taulo jipya! Kiwandani hupakwa vilainishi, kwa hiyo tone litakaa juu likibingirika, nawe utalitupa taulo zuri. Lifue kwanza. Tazameni, hili jipya, tone limekaa tu. Hili ni aina ileile, limefuliwa mara mbili: tone limezama papo hapo. Narudia, fua kwanza, na bila kilainisha nguo, kwa sababu nacho huvifunika vitanzi vilevile.

Kama limefuliwa na tone bado linabingirika, shuku poliesta. Chomoa uzi mmoja pembeni, uuchome juu ya sinia la bati, mbali na watoto. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kubaki majivu. Poliesta huyeyuka ikaganda kishanga kigumu. Uzi ukibaki na vyote viwili, ni mchanganyiko: utakauka upesi, ila ufyonzaji utapungua kadiri poliesta inavyozidi.

Mnaoishi chumba kisicho na dirisha la maana, hata hili la 420 litawasumbua. Chukueni kikoi cha pamba. Hakina vitanzi, kinafyonza kidogo, lakini asubuhi mnakikuta kikavu. Mwenyewe wiki za mvua natumia hicho, taulo nabakiza kwa nywele.