Ajenda Fupi Ndani ya Mwaliko wa Kikao (Kalenda ya Google)

Haya, karibuni. Leo tunaandika ajenda ndani ya mwaliko wenyewe, siyo kwenye faili la pembeni ambalo halifunguliwi na mtu. Natumia kompyuta, kwa sababu kwenye simu vidole vyangu vinabofya vitu viwili kwa pamoja.

Kufungua kikao kipya mnajua: bofya siku, andika kichwa, weka saa, ongeza wageni. Twende. Kitu kimoja tu: kalenda inaonyesha 10:00 AM, nasi tunasema saa nne asubuhi. Kama mna mgeni anayesema "saa kumi" akimaanisha jioni, andikeni yote mawili ndani ya maelezo. Kichwa nacho kisiwe "Kikao". Kikao cha nini?

Mfano wa leo ni ofisi ya malori. Wanataka kununua matairi 8 na wana profoma 2 kutoka maduka tofauti. Bofya "More options", shuka hadi "Add description". Hapo ndipo tunafanya kazi.

Mstari wa kwanza ni lengo, kabla hata ya salamu. Mtu anayechungulia mwaliko akiwa kwenye daladala ataona mistari michache ya juu. Ikiwa ni "Wapendwa, natumaini mu wazima", basi ameondoka na salamu tu. Naandika hivi:

Lengo: Kuchagua duka moja la kununulia matairi 8.

Mnaona? Kikao kikiisha, mtu yeyote anaweza kusema kama lengo limefikiwa au la. "Kujadili matairi" unaweza kuyajadili mpaka Krismasi.

Mstari wa pili ni maandalizi, na kila kazi ina mwenyewe:

Kabla ya kikao:
Wote: someni profoma 2 zilizoambatishwa (dakika 10).
Mhasibu: salio la fungu la matengenezo.
Gereji: namba za magari yenye matairi yaliyochakaa.

Msiandike "tujiandae vizuri". Ukiandika hivyo, kila mtu anadhani anaambiwa mwenzake.

Sasa ajenda yenyewe. Mimi napenda kila kipengele kiwe swali:

1. Ni magari gani hayawezi kusubiri? Gereji, dakika 5
2. Profoma zinatofautiana wapi: bei, dhamana, siku za kuleta? Boharia, dakika 15
3. Tunanunua duka lipi? Wote, dakika 15
4. Nani anafuatilia malipo, na lini? Mhasibu, dakika 5

Jumlisheni: 40. Kikao nimekiwekea dakika 45, zile 5 ni za watu kuingia na kuulizana "mnanisikia?" Vikizidi vipengele vinne, kwangu hivyo ni vikao viwili. Na kama umenakili kutoka Word, bandika kwa Ctrl+Shift+V, la sivyo mistari inakuja na mapambo yake.

Alama ya klipu hii hapa, naambatisha profoma. Sawa. Sasa, taratibu! Nabofya "Save"... ngojeni, ujumbe umejitokeza umefunika kona. Nauondoa. Haya, kidirisha kinauliza kama tuwatumie wageni barua pepe. Bofyeni "Send". Ukibofya "Don't send", wageni wanaotumia Kalenda ya Google hawatapata barua pepe.

Eee, kimetokea na kingine: wageni wengine hawana ruhusa ya kufungua hizi profoma. Msikifunge haraka. Wapeni ruhusa ya kutazama tu, siyo kuhariri. Bei za watu zisije zikaguswa.

Narudia lile la "Send", maana linakuja tena kila ukirekebisha. Tuseme jioni umeongeza kazi ya mhasibu. Unahifadhi, kidirisha kinauliza, wewe una haraka, unabofya "Don't send". Kwenye kalenda yako kila kitu kinapendeza, lakini mhasibu hana barua yoyote, anakuja mikono mitupu. "Send", jamani. Hata kwa badiliko dogo, kama linamgusa mtu.

Jinsi ya kujua kama imefika: jialike kwa anwani yako ya pili. Mimi hapa nafungua kwenye simu... lengo lipo juu, nabofya profoma... inafunguka. Ikikutaka uombe ruhusa, rudi Google Drive urekebishe kabla wageni hawajaanza kukupigia.

Ukibadilisha maandalizi usiku wa kuamkia kikao, barua pepe haitoshi. Mpigie mwenye kazi. Mwaliko huu mfupi nimeuweka kwenye maelezo chini ya video, nakili ubadilishe matairi yangu. Madaftari ya kumbukumbu za vikao ninayouza nayo yapo, yana safu ya "nani" na "lini" tayari.