Pikipiki Ileile Mara Mbili: Kurasa na Kache Kwenye Apu ya Simu

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Niko na kaka Baraka, yeye ni mtu wa seva, mimi ni mtu wa apu. Leo tunaongelea orodha ndefu kwenye simu, na mfano wetu ni apu ya matangazo ya vitu vilivyotumika: friji, makochi, pikipiki. Mtu anaifungua yuko kwenye daladala, mtandao unakuja na kukatika. Anataka aone matangazo papo hapo, na hataki kumpigia muuzaji aambiwe friji iliondoka tangu jana.

BARAKA: Hayo mawili yanavutana, dada. Ila tuanze na kurasa kabla ya kache. Kurasa zikiwa na hitilafu, kache itaitunza hitilafu hiyohiyo.

ZUHURA: Haya. Mimi nilianza kama wengi: ukurasa wa 1, ukurasa wa 2, matangazo ishirini ishirini. Simu inaiambia seva "ruka 20, nipe 20 yanayofuata". Baada ya muda watumiaji wakaanza kulalamika kwamba wanaona pikipiki ileile mara mbili. Nikajua tu ni skrini yangu. Siku mbili nzima nachimba msimbo wa skrini!

BARAKA: Na skrini haikuwa na kosa. Chukua umeshasoma tangazo la 1 mpaka la 20. Wakati unasoma, watu watatu wameweka matangazo mapya kule juu, kwa hiyo kila kitu kimeshuka nafasi tatu. Lililokuwa la 18 sasa ni la 21. Ukisema "ruka 20", yanayotangulia kuja ni lile la 18, la 19 na la 20, ambayo umeshayaona.

ZUHURA: Na kama matatu yamefutwa?

BARAKA: Hapo ndipo pabaya zaidi. Lililokuwa la 21, la 22 na la 23 yamepanda, yako ndani ya zile 20 unazoziruka. Huyaoni tena. Anayeona pikipiki mara mbili atalalamika, lakini aliyerukwa hajui kama karukwa. Anayeumia ni muuzaji, anakaa wiki nzima anashangaa mbona hapigiwi simu.

ZUHURA: Kwa hiyo tukaacha kuhesabu nafasi.

BARAKA: Tukaweka alamisho. Simu inasema "nimeishia kwenye tangazo hili, nipe yaliyo chini yake". Juu wakiongeza mia au wakifuta mia, pale ulipoishia hapasogei. Kwenye hifadhidata inakuwa hivi:

```sql
SELECT * FROM matangazo
WHERE (muda, id) < (:muda, :id)
ORDER BY muda DESC, id DESC
LIMIT 20;
```

ZUHURA: Nilikuuliza siku ile, na wasikilizaji watauliza: kwa nini id iwepo, muda hautoshi?

BARAKA: Hautoshi. Tulikuwa na muuza vipuri aliyepakia matangazo 30 kwa mkupuo, yote yakapata muda uleule. Ukurasa ukaishia kwenye la 12 kati ya yale 30. Ukiomba yenye muda mdogo kuliko huo, 18 yaliyobaki yanapotea. Ukiomba yenye muda mdogo au sawa, unarudishiwa 20 ya kwanza ya yuleyule muuza vipuri, unaishia palepale, unaomba tena, unapewa yaleyale. Mtumiaji anateremka hafiki mwisho. Id ndiyo inayotenganisha yaliyolingana muda. Na weka faharasa moja inayobeba safu zote mbili, la sivyo seva itapanga jedwali zima kila mara.

ZUHURA: Upande wangu, alamisho inakuja kama mfuatano wa herufi, naitunza na kuirudisha kama ilivyo. Sijaribu kuifungua, ili Baraka akibadilisha kilichomo ndani apu za zamani zisivunjike.

BARAKA: Nayo ina mipaka yake. Huwezi kuruka moja kwa moja hadi ukurasa wa 7. Na ukipanga kwa bei, bei inabadilika wakati mtu anasoma, basi kurudia na kurukwa vinarejea. Ndiyo maana orodha yetu kuu tunaipanga kwa muda wa kuwekwa, ambao haubadiliki.

ZUHURA: Sasa kache. Kanuni niliyoishika ni kwamba skrini haisomi seva hata siku moja. Inasoma hifadhidata iliyo ndani ya simu, na seva kazi yake ni kuijaza hiyo. Kwenye Android natumia `Room` na `RemoteMediator`, lakini wazo ni lilelile popote. Apu ikifunguka, matangazo ya mara ya mwisho yanaonekana hata bila mtandao, huku nyuma ombi la ukurasa wa kwanza limeshaondoka.

BARAKA: Ombi hilo linabeba alama ya toleo alilonalo:

```
GET /matangazo?idadi=20
If-None-Match: "a91f"

304 Not Modified
```

Kama hakuna kilichobadilika, seva inajibu 304 bila mwili. Bando la mtu linapona.

ZUHURA: Kwetu ilikaa karibu mwezi hatujapata 304 hata moja!

BARAKA: Kweli. Nilikuwa naitengeneza alama hiyo kutokana na jibu zima, na ndani ya jibu mlikuwa na anwani za picha zenye saini inayobadilika kila ombi. Matangazo yaleyale, alama mpya kila mara. Picha nazo zilikuwa zinapakuliwa upya, kwa sababu simu inazitambua kwa anwani. Ukitaka kujua kama una ugonjwa huu, fungua kumbukumbu za seva utafute 304. Ukikuta zote ni 200, anza kuangalia kitu gani ndani ya jibu hakitulii.

ZUHURA: Kuna pengo pia, na hili lilinisumbua kuliko yote. Mtu hajafungua apu siku mbili, yameingia matangazo 80. Naleta 20 mapya, nayaweka juu ya ya zamani. Orodha inaonekana nzima, kumbe katikati kuna 60 ambayo hayapo, na mtu anateremka anapita juu ya shimo bila kujua.

BARAKA: Unaligunduaje?

ZUHURA: Naangalia kama kati ya yale 20 kuna hata moja ambalo tayari ninalo. Likiwepo, orodha mbili zinaungana. Lisipokuwepo, nafuta ya zamani yote na kuanza na ukurasa huu pamoja na alamisho yake. Ila nafuta baada ya jibu kufika, na kufuta na kuandika vinakwenda ndani ya muamala mmoja. Zamani nilikuwa nafuta kwanza ndipo naomba. Mtandao ukikatika hapo katikati, mtu anabaki na skrini nyeupe, wakati sekunde moja nyuma alikuwa na matangazo.

BARAKA: Na kama ameshateremka mbali?

ZUHURA: Hapo simsogezei orodha chini ya kidole. Yale mapya yanasubiri, juu panatokea kitufe, "Mapya 7", abonyeze akiwa tayari.

BARAKA: Bado friji ya jana. Ukurasa wa kwanza ukijibu 304 haukuambii lolote kuhusu tangazo lililo ukurasa wa nne.

ZUHURA: Haukuambii. Kwa hiyo akiligusa tangazo, maelezo yanafunguka kutoka kwenye simu, na palepale naiuliza seva habari za tangazo hilo moja. Kitufe cha kupiga simu hakiwaki mpaka jibu lirudi. Mtandao ukikosekana kinawaka, ila juu yake pameandikwa "Hali ya jana, saa 12 jioni", ajue anapiga kwa habari ya lini.